“Na” Mwanzoni mwa Sentensi: Kosa Lisilokuwapo

Mswada wa hadithi fupi umemfikia msahihishaji wa prufu. Katika ukurasa wa pili mna sentensi nne: “Bi Mkubwa aliapa kwamba nyumba haitauzwa. Akaitia hati sandukuni, akafunga. Lakini mwezi ulipoandama, hati haikuwamo. Na ufunguo ulikuwa mmoja tu.” Sentensi mbili za kwanza zinapita salama. Ya tatu na ya nne zinapigwa mstari, na pembeni yanaandikwa maneno yaliyozoeleka: sentensi haianzi kwa kiunganishi. Hadithi inapochapishwa, msomaji anakuta: “Hata hivyo, mwezi ulipoandama, hati haikuwamo. Aidha, ufunguo ulikuwa mmoja tu.”

Hakuna kosa lililosahihishwa hapo. Kilichotokea ni kwamba maana imehamishwa. “Na ufunguo ulikuwa mmoja tu” ni shutuma. Msimulizi hakumtaja mwizi, ila ameweka kituo, akamwacha msomaji anyamaze kidogo, kisha akatamka neno dogo linalomrudisha kwa yule aliyeapa. “Aidha” haliwezi kazi hiyo. Ni neno la taarifa ya kamati, linaloongeza jambo la pili chini ya la kwanza, na kwa neno hilo ufunguo umekuwa kipengele katika orodha. “Hata hivyo” nalo lina upungufu wake, kwa kuwa hukubali lililotangulia kabla ya kuleta jingine, ilhali “lakini” ya mwandishi ilikuja kukivunja kiapo. Na kama msahihishaji angeziunga sentensi mbili kwa kufuta kituo, akaandika “hati haikuwamo na ufunguo ulikuwa mmoja tu”, angekiondoa kile kimya ambamo shutuma ilikuwa imejificha.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja moja, nayo ni kwamba kiunganishi kazi yake ni kuunganisha, hivyo mahali pake ni katikati ya vitu viwili. Hoja hiyo inachukulia kwamba kituo ni ukuta. Lakini sentensi hazisimami kila moja katika kisiwa chake. Ya pili huitegemea ya kwanza, na neno linaloonyesha utegemezi huo halina mahali pazuri zaidi ya mwanzoni. Watetezi wenyewe wanalijua hili, maana wanaruhusu “Hata hivyo”, “Aidha”, “Vilevile” na “Kwa hiyo” vianze sentensi, na vyote hivyo vinaunganisha. Wanachokizuia ni maneno mafupi tu.

Ushahidi mzito zaidi umo ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe. Msahihishaji yule aliiacha “Akaitia hati sandukuni” bila alama yoyote. Kiambishi -ka- ndicho kinachobeba maana ya “na kisha”: huliegemeza tendo juu ya tendo lililotangulia, na bila ya hilo la kwanza kinaning’inia. Sentensi inayoanza kwa “Akaitia” tayari imeanza kwa kiunganishi, ila kiunganishi hicho kimevaa nguo ya kitenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa “Naye”, “Nami” na “Nayo”, ambazo ni “na” iliyoshikamana na kiwakilishi. Msahihishaji anayefuta “Na” na kuiacha “Naye” hafuati kanuni ya sarufi. Anafuata umbo la herufi mbili zilizoachiwa nafasi.

Historia nayo haimsaidii. Prufu zinadhani kwamba mwanzo wa sentensi ni kitu cha kale, ilhali nathari nyingi ya Kiswahili iliyoandikwa kabla ya karne ya 20 iliandikwa kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa, na kwa kawaida ya wakati ule bila vituo vya kisasa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati hizo. Heinrich Brode ndiye aliyeyageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyachapisha, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mahali sentensi inapoanzia katika chapa ya namna hiyo ni uamuzi wa mhariri. Mwandishi alikuwa na njia nyingine za kumjulisha msomaji kwamba jambo jipya linaanza, na viunganishi vilikuwa miongoni mwazo. Kumwambia mrithi wa nathari hiyo kwamba “na” haifai mwanzoni ni kumnyang’anya alama iliyotangulia kituo.

Basi kanuni imetoka wapi? Inafanana mno na ile ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kiingereza wameambiwa darasani, na wahariri wengi wa Kiswahili, wawe Landani, Maskati au Nairobi, wamepitia madarasa hayo. Ajabu ni kwamba hata huko kwao haikuwahi kuwa kanuni. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, aliiweka miongoni mwa itikadi za kishirikina za waandishi. Kiswahili kimeazima maneno mengi kwa faida. Hapa kimeazima ushirikina ambao wenyewe walishaukana.

Haya hayamaanishi kwamba msahihishaji hana kazi. “Mtu ambaye aliyekuja” ni kosa, kwa sababu urejeshi umetajwa mara mbili. “Kitabu zake” ni kosa la upatanisho. Makosa hayo yana alama moja inayoyatambulisha: mwandishi akionyeshwa, atayakiri mwenyewe, na kitabu chochote cha sarufi kitaeleza sababu. Aya ambayo sentensi zake saba zote zinaanza kwa “Na” nayo yastahili kutajwa, lakini itajwe kwa jina lake, yaani kurudiarudia kunakochosha, na dawa ni kupunguza, si kupiga marufuku. Jarida pia lina haki ya kuwa na mwongozo wake wa uchapaji. Mwongozo huo ni makubaliano ya nyumba, na mwandishi aelezwe hivyo. Asiambiwe kwamba hajui lugha yake.

Madhara makubwa yako hapo. Mwandishi aliyezoea jina lake kuchapishwa ataikataa alama nyekundu na kurudisha neno lake. Mwandishi mchanga, hasa aliyekulia ughaibuni na ambaye amekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili chake ni cha jikoni, atakubali kila alama na kushukuru. Hadithi yake ya pili itafika tayari imejaa “aidha”. Sauti aliyoipata kwa bibi yake, ambaye kila akisimulia huvuta pumzi na kuanza tena kwa “na”, itakuwa imepotea kabla ya kufika mezani.

Msahihishaji mwaminifu ana njia rahisi. Kabla ya kugusa neno, ajiulize iwapo msomaji atajikwaa hapo, na iwapo yeye mwenyewe anaweza kutaja sababu isiyokuwa “ndivyo tulivyofundishwa”. Akikosa yote mawili, aache. Akibaki na shaka, aandike swali pembeni kwa penseli na maandishi ayaache yalivyo, kwa kuwa hatua ya prufu si ya kutunga upya, na kila badiliko hapo huweza kusukuma mistari na kuzaa kosa jipya. Kando ya ufunguo wa Bi Mkubwa palitosha swali moja fupi: “Je, ‘Na’ hii imekusudiwa?” Mwandishi angejibu ndiyo, na kazi ingekuwa imekwisha.