Kampuni ilikukataa na sasa inaajiri tena? Usijifanye mgeni

Wacha nikuulize. Ile kampuni ya Westlands iliyokutumia "tunasikitika" mwaka jana imetangaza kazi ile ile. Unaingia kwenye fomu, unaweka imeli, mtambo unakwambia akaunti hiyo tayari ipo. Unafanya nini? Wasee wengi ninaowajua hufungua imeli mpya na kuanza upya, kana kwamba hawajawahi kukanyaga hapo.

Shida ni kwamba mitambo ya kuajiri inaweza kulinganisha imeli, namba ya simu na majina, na fomu nyingi hapa Nairobi huitisha pia namba ya kitambulisho. Hiyo huwezi kuibadilisha. Sivii yako ya kitambo ikiwa bado imo, afisa anaifungua kando ya ile mpya na kuona tarehe zisizoshikana. Kuomba mara mbili si kosa. Kudanganya kwamba hujawahi kuomba ndiko kunakokuangusha.

Yangu ilikuwa mbaya zaidi. Mapema 2023 niliomba kazi ya kuhudumia wateja katika kampuni moja ya kutuma pesa huko Westlands, ambayo sitaitaja. Kwa sivii niliandika kwamba niko mwaka wa tatu chuoni, na nilikuwa nimeshaacha masomo karo iliponishinda. Nikaitwa kwa jaribio: orodha mbili za miamala, nusu saa, tafuta ile isiyoonekana pande zote mbili. Nilikagua kwa macho, mstari kwa mstari, muda ukaisha nikiwa katikati. Baada ya wiki mbili, tunasikitika.

Kabla ya kuomba tena, jiulize uliangukia wapi. Kama hukuwahi kuitwa, huenda hakuna binadamu aliyekusoma, kwa hivyo jibu ndiyo kwenye fomu na uendelee. Kama ulifika mbele ya jopo au ulifanya jaribio, taja mapema kwenye barua, kwa sentensi moja.

Na kama hujui uliangukia wapi, uliza. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kuona data yako binafsi iliyo mikononi mwa kampuni, na kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kukujibu, bila kukulipisha. Andikia kampuni, taja tarehe na kazi uliyoomba, kisha itisha kumbukumbu za ombi lako pamoja na matokeo ya jaribio. Lakini usitarajie miujiza. Ya wenzako hutaonyeshwa, na huenda yako yameshafutwa. Hata ukiyapata, alama si maelezo ya kwa nini mwingine alichukuliwa. Pia fanya hivi kabla tangazo halijatoka. Ukichanganya na barua ya maombi itasomeka kama vita.

Mimi sikuhitaji, nilijua. Nilipata kibarua kwa duka la M-Pesa Kawangware, ambapo kila jioni lazima daftari lishikane na taarifa ya simu. Miezi kumi na moja ya hiyo kazi ilinifunza kitu kimoja kwenye Excel:

```
=COUNTIF(B:B,A2)
```

Namba za miamala za daftari ziko safu ya A, za simu safu ya B. Ukivuta hiyo fomula hadi chini, penye 0 ndipo muamala umekosekana upande wa pili. Geuza safu uangalie kinyume. Nafasi tupu iliyojificha nyuma ya namba inaweza kukupa 0 ya uongo, kwa hivyo isafishe kwanza.

Tangazo liliporudi 2024, nilitumia imeli ile ile. Barua ilikuwa ya Kiingereza, lakini sehemu iliyohusika ilisema hivi:

"Niliomba nafasi hii 2023 na sikumaliza jaribio la kulinganisha miamala. Tangu hapo nimefanya kazi hiyo kila siku kwa miezi 11 katika duka la wakala, na mwenye duka yuko tayari kuthibitisha. Pia ninasahihisha: sivii yangu ya kwanza ilisema niko chuoni. Nilikuwa nimeacha masomo."

Soma tena uone hakuna "nimekua sana" wala "nina ari mpya". Jaribio waliloniangushia limetajwa, kazi iliyonifunza ipo, na kuna mtu wa kupigiwa simu. Kama kilichobadilika kwako ni kwamba tu wiki tatu zimepita, ngoja kwanza.

Sentensi ya mwisho karibu niifute. Nilishuka Kangemi siku ya kutuma nikikaa saiba nusu saa nikiiangalia tu.

Waliniita. Mama mmoja wa jopo alikuwa amechapisha sivii zote mbili, moja juu ya nyingine, na kalamu yake ilikuwa tayari imezungushia duara "mwaka wa tatu". "Hii," akasema, "ningekuuliza hata usingeandika." Kisha akanisukumia laptopu yenye orodha mbili.

Walinipa kandarasi ya miezi mitatu. Shahada bado sina, na mshahara ulikuwa chini ya ule wa wenye nazo.