Sadaka ndani ya tangazo: funzo la keke ya Italia kwa wauza futari wetu

Ramadhani inapokaribia, simu zetu hujaa matangazo ya namna moja. Mtu mwenye wafuasi wengi mitandaoni anashika pakiti ya tende na kusema kwamba ukinunua, sehemu ya pesa itakwenda kwa mayatima. Nyuma yake yupo mfanyabiashara aliyemlipa. Kabla ya mwenye duka kutoa pesa yake, na kabla ya familia kununua kwa nia ya sadaka, tunaona inafaa kukitazama kisa kilichotokea Italia, ambacho kinafanana sana na matangazo haya.

Balocco ni kampuni ya keke na biskuti kaskazini mwa Italia. Novemba 2022 ilitoa keke ya sikukuu iitwayo pandoro, ikiwa na jina la Chiara Ferragni, mwanamke aliyekuwa na wafuasi karibu milioni 30 kwenye Instagram. Keke hiyo iliuzwa zaidi ya euro 9, ilhali ya kawaida ya kampuni hiyo hiyo haikufika euro 4. Walaji walielezwa kuwa mpango huo unasaidia hospitali ya watoto ya Regina Margherita mjini Turin kupata mashine ya kutibu watoto wenye saratani ya mifupa.

Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Italia ikatoa uamuzi wake. Iligundua kwamba hospitali ilipewa euro 50,000 tu, kwamba pesa hizo zilitolewa na Balocco peke yake, na kwamba zilitolewa miezi kadhaa kabla keke haijaingia sokoni. Kwa maneno mengine, hata ungenunua keke mia moja, hospitali isingeongezewa hata senti. Kampuni mbili za Ferragni zilipata zaidi ya euro milioni 1 katika mpango huo na hazikuipa hospitali chochote. Zilitozwa faini ya jumla ya euro 1,075,000, na Balocco ikatozwa euro 420,000. Huo ni uamuzi juu ya matangazo yanayopotosha walaji, si hukumu ya jinai, na sisi hatumhukumu mtu zaidi ya hapo.

Tuangalie kwanza upande wa Balocco. Katika kuchagua hadhira, kampuni haikukosea, kwani wafuasi wa mwanamke yule walikuwa watu wa kununua keke ile kwa bei ile. Kosa lilikuwa katika maneno. Hakuna aliyehakikisha kwamba ahadi iliyosikika kwa mnunuzi inalingana na pesa iliyotoka. Mamlaka haikukubali kwamba msema maneno ni mmoja na mwenye bidhaa ni mwingine, bali wote wawili waliwajibika. Mwenye duka asidhani kwamba akishamlipa mtangazaji, ulimi wa yule si wake tena.

Sasa tuangalie kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi na Ferragni bila kuhusika na keke. Safilo, iliyokuwa ikitengeneza miwani yenye jina lake, ilivunja mkataba ndani ya siku chache, ikieleza kuwa masharti yamekiukwa. Pigna, watengenezaji wa madaftari, walijitoa Januari 2024 kwa kutaja kanuni zao za maadili. Coca-Cola ikaacha kutumia tangazo lililokuwa halijarushwa. Wenye sharti la mwenendo ndani ya mkataba wao wana mlango wa kutokea bila kubuni sababu. Balocco haikuwa na mlango kama huo, kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya nyumba yake.

Ferragni mwenyewe aliomba radhi kwa video na kuahidi kuipa hospitali euro milioni 1. Ahadi hiyo ilikuja baada ya faini kutangazwa, na wengi wakaiona kama jibu la adhabu. Lau takwimu zingewekwa wazi siku ya kwanza ya mauzo, kusingekuwa na la kuombea radhi.

Tuyalete haya visiwani. Tuseme muuza tende wa Darajani ana watangazaji wawili wa kuchagua. Wa kwanza ana wafuasi 200,000, wa pili ana 15,000. Asitosheke na namba hizo, wala na picha ya skrini aliyotumiwa, kwani picha huweza kuwa ya zamani au imechezewa. Amwombe kila mmoja afungue takwimu za ukurasa wake mbele yake, aone wafuasi wanaishi miji gani. Ikiwa asilimia 4 tu ya wafuasi wa yule wa kwanza wako Unguja na Pemba, hao ni watu 8,000. Ikiwa asilimia 60 ya wafuasi wa yule wa pili wako hapa, hao ni 9,000. Yule mdogo ndiye mwenye wateja wengi zaidi wanaoweza kufika dukani, na huenda malipo yake ni nafuu.

Kisha arudi nyuma mwaka mzima katika ukurasa huo na asome maoni pia. Je, mtu huyu ametangaza kamari au krimu za kuchubua ngozi? Je, jana alisifu tende za duka jingine kwa maneno yale yale? Je, wanaomjibu wanauliza bei na mahali, au ni maua na vikopa tupu vya watu wasioonekana kuwepo? Familia inayotafuta futari haitenganishi bidhaa na mwenendo wa aliyeishika.

Mkataba uandikwe, hata ukiwa ukurasa mmoja. Utaje maneno yatakayosemwa, idadi ya matangazo, malipo ya nusu mwanzo na nusu baada ya kazi, na matendo yatakayompa mwenye duka haki ya kusimamisha. Kama sadaka inatajwa, iandikwe ni shilingi ngapi kwa kila pakiti, inakwenda kwa nani, na risiti itawekwa hadharani siku gani. Kama sadaka imeshatolewa, isemwe hivyo, na mnunuzi asifanywe aamini kuwa pakiti yake ndiyo inayoongeza.

Na mtangazaji akiharibu katikati ya Ramadhani? Kwanza mwenye duka asimamishe matangazo yaliyobaki, jambo linalowezekana siku hiyo hiyo. Wakati huo huo ahifadhi nakala ya kilichosemwa kabla hakijafutwa. Halafu ahakiki, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi, kwani video hukatwa na uvumi huenea. Likithibiti, aseme kwa sentensi chache nini kimetokea na nini amekifanya, na alipe kazi iliyokwisha kufanyika kwa haki. Akifuta kimya kimya, wateja waliokwisha kuona watadhani anaficha. Na kama kosa limegusa pesa ya sadaka, kumwacha mtangazaji hakutoshi, bali pesa iwafikie walioahidiwa kwanza, ndipo yaje maneno.

Kwa upande wetu wanunuzi, swali ni moja, tuliulize kwenye maoni ya tangazo lenyewe: shilingi ngapi kwa pakiti hii, na inakwenda kwa nani? Mkweli atajibu kwa namba. Asiye na namba, tununue tende kwake tukizipenda, lakini sadaka yetu tuipeleke kwa mkono wetu.