Laivu iliyoyeyuka

Jana nilikuwa Kamanga nangoja kivuko, na laivu ya mdahalo wa saa 10 pia. Muda ukafika, ukurasa bado unasema subiri. Nusu saa baadaye ukafutwa! Wana wakalaumu mtandao. Mimi nabisha.

Laivu uliyoipanga YouTube ina ufunguo wake wa kurushia. Fundi akibandika ufunguo mwingine kwenye OBS, picha zinaweza kutokea kwenye linki nyingine. Ni kama kumngoja mgeni Kamanga kumbe kapita daraja la Kigongo-Busisi. Nilipofungua chaneli yenyewe nikaikuta laivu, watazamaji wanne tu.

Kukosea ufunguo nasamehe. Ila kufuta ukurasa wenye watu, hapana jamani! Wangeuacha, waandike linki mpya palepale.