Ahadi tuliyompa marehemu: ipi inatufunga, ipi haitufungi?

Katika kilio kimoja huku Baraka ndugu wawili walinijia usiku, watu wakiwa bado wanaimba. Mkubwa alisema: « Muchungaji, baba alifia kambini Nyarugusu. Nilimwahidi kwamba mifupa yake italala Fizi. Sina njia wala pesa. Je, nimemdanganya? » Mdogo alisema: « Mimi nilimwahidi kulipiza damu ya ndugu zake wa Makobola. » Tangu siku ile nimeona kwamba familia nyingi za kwetu zinabeba moja ya ahadi hizi mbili, na wengine wanazibeba zote.

Tuanze na ile ya kaburi. Sheria ya nchi haiifungi sana. Kenya waliona hivyo katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mume wake alitaka kuzikwa shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, kwa baba zake. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki: matakwa ya marehemu yaheshimiwe inapowezekana, lakini hayashindi mila ya watu wake. Otieno alizikwa Nyalgunga, na mjane wake hakufika mazikoni.

Basi ikiwa mahakama haitulazimishi, ni nini kinatufunga? Tuangalie Yakobo na Yusufu. Wote wawili walifia Misri, na wote wawili waliapisha wawarudishe kwao: Yakobo alimwapisha Yusufu, na Yusufu aliwaapisha wana wa Israeli. Yakobo alipelekwa mara moja, kwa sababu Yusufu alikuwa na cheo na Farao alimpa ruhusa. Yusufu mwenyewe hakupelekwa. Aliwekwa katika sanduku, akangoja. Waliomwapia walikufa wote bila kutimiza, na watoto wao wakawa watumwa. Ni Musa aliyeichukua mifupa siku ya kutoka (Kutoka 13:19), na hata yeye hakuifikisha. Ilizikwa Shekemu baada yake (Yoshua 24:32).

Kwa hiyo nilimwambia yule mkubwa kwamba kuchelewa si kudanganya. Ahadi inavunjika pale inaposahaulika. Baba yake ana kaburi, na ni la heshima. Kuuza shamba la watoto ili kuvusha mifupa ziwani wakati huu wa vita si kumheshimu mzee. Lakini asikae bure. Aandike jina la baba, tarehe ya kufa, sehemu ya makaburi na mstari wa kaburi, pamoja na alama ya jirani yake. Karatasi moja ibaki kwa aliye kambini, nyingine Fizi. Kisha awaambie watoto wake mbele ya mashahidi, kama Yusufu alivyowaambia wana wa Israeli. Mbao za msalaba zinaoza, na bila maandishi kizazi kinachokuja hakitajua pa kuanzia.

Ahadi ya mdogo ni nzito zaidi. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waasi wa RCD na jeshi la Rwanda na la Burundi waliua watu zaidi ya 800 katika Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ndivyo inavyosema ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa ndani ya nyumba zao. Mtoto aliyeahidi kisasi mbele ya mzee anayelia tusimcheke.

Lakini Daudi naye aliapa kuwamaliza wanaume wote wa nyumba ya Nabali. Abigaili alimzuia njiani, na Daudi alimshukuru Mungu kwamba hakutimiza kiapo chake (1 Samweli 25). Hakuna anayeweza kumwahidi marehemu damu ya mtu mwingine, kwa sababu damu ile si mali yake. Na katika milima yetu tunajua kisasi kinamwangukia nani: jirani wa kabila lile, aliyekuwa mtoto mwaka 1998, au hakuwa amezaliwa.

Je, mzee wa Makobola abaki bila kitu? Hapana. Ndani ya ahadi ile kuna deni la kweli: ndugu zake wasihesabiwe kama hawakuwako. Deni hilo linalipwa kwa kukusanya majina, kutoa ushuhuda ungali hai, kutunza makaburi ya pamoja, na kudai mahakama bila kuchoka. Miaka zaidi ya 25 imepita, na ahadi ya haki bado haijatimizwa na wenye mamlaka. Hiyo nayo ni ahadi kwa marehemu.

Yule mdogo hakunijibu usiku ule. Asubuhi alirudi na daftari, akaanza kuandika majina. Alikumbuka kumi na moja. Mengine anayatafuta kwa mama zake.