Adhabu Iliyokosa Ulazima

Bwana Mwenyekiti, nasimama kuunga mkono hoja kwamba adhabu ya kifo ifutwe. Mpinzani wangu amesema kwa ufasaha, na neno lake moja nalikubali pasipo kusita: aliyeuawa naye alikuwa na haki ya kuishi, na sheria isiyomkumbuka marehemu haistahili kuitwa sheria. Lakini ameongeza kwamba Katiba ya Tanzania imekwisha kulimaliza shauri hili tangu mwaka 1995. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana.

Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, ikaanza kutumika mahakamani Machi 1988. Ibara ya 14 yampa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 13(6) yakataza adhabu za kinyama na za kumtweza mtu. Kisha ibara ya 30(2) yafungua mlango mdogo: haki yaweza kupunguzwa na sheria kwa manufaa ya umma. Mahakama zetu zimeuwekea mlango huo bawabu wawili. Sheria inayopunguza haki isiwe ya kidhalimu, tena isipunguze zaidi ya kiasi kilicho cha lazima kwa kusudi lake.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliliweka swali hilo mizanini katika kesi ya Mbushuu na mwenziwe, waliotiwa hatiani kwa kuua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakikumwachia hakimu nafasi ya kuchagua: aliyeua kwa kukusudia sharti ahukumiwe kunyongwa. Jaji aliona adhabu hiyo ni ya kinyama na ya kudhalilisha, akaitaka Serikali ithibitishe kwamba kitanzi kinazuia mauaji kuliko kifungo cha maisha. Hakuridhika na uthibitisho. Akawafunga maisha.

Shauri likapanda Mahakama ya Rufani. Sikieni vema ilivyoamuliwa mwaka 1995, maana mpinzani wangu ametaja mwisho akaruka katikati. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Jaji kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha mwanadamu. Haikuisafisha hata kidogo. Iliiokoa kwa ibara ya 30(2) peke yake, na juu ya swali la ulazima ikasema kwamba mwenye kuamua ni jamii.

Kwa heshima zote kwa mahakama hiyo, nasema ilikosea. Hati ya Haki huandikwa ili mtu mmoja anayechukiwa na wote apate kinga mbele ya hao wote. Kama jamii ndiyo ipimayo ulazima wa kumvunjia mtu haki, basi kinga ile imewekwa mikononi mwa yule yule iliyowekwa kumzuia. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipoifuta adhabu hii Juni 1995, ilikataa kabisa kwamba maoni ya wengi yachukue mahali pa Katiba.

Lakini na tuseme mahakama haikukosea. Na tuiulize jamii. Jamii husema kwa vitendo vya wale iliowapa madaraka. Hukumu ya kifo haitekelezwi pasipo Rais kuridhia, na tangu mwaka 1994 hapana aliyenyongwa Tanzania. Septemba 2017 Rais Magufuli, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, alisema hadharani asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Jambo la lazima haliachwi miaka yote hiyo na marais wanaofuatana. Basi bawabu wa pili wa ibara ya 30(2) amekwisha kutoa ushahidi wake.

Najua nitajibiwa kwamba kama hapana anyongwaye, hapana adhurikaye. Jibu hili lanishangaza kila ninapolisikia. Aliyehukumiwa huishi mwaka baada ya mwaka akijua kwamba mkono usiotia sahihi leo waweza kupokewa na mkono mwingine utakaotia. Huo si msamaha, wala si kifungo cha maisha chenye jina lake.

Tena si mimi peke yangu nisemaye. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo, bila kutazama hali ya mkosaji wala ya kosa, ni kuvunja haki ya kuishi. Na kwamba kunyonga ni kuvunja utu. Nakiri kwamba mahakama hiyo haikuifuta adhabu yote. Ndiyo sababu kazi imebaki kwa watunga sheria.

Sitaki wauaji waachiliwe. Nataka wafungwe maisha, kama alivyoamuru Jaji wa Dodoma. Namwomba mpinzani wangu, atakapopewa zamu yake, aache kunihesabia makosa ya wauaji, ambayo siyakani, anithibitishie jambo moja: ni uhai wa nani uliohifadhiwa na kitanzi, ambao kifungo cha maisha kisingeuhifadhi?