Huo si ujanja, ni abiria feki

Juzi nimeweka video kuhusu hisa, msee mmoja akanijibu: "Buda, kucheza na soko si kosa. Ukilala, unaliwa." Laiki zikajaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi profesa. Lakini hiyo hoja ni upuzi, na nitakuonyesha kwa nini.

Twende stegi kwanza. Ni jioni, umechoka, kuna matatu mbili. Moja iko karibu kujaa, imebaki siti moja. Unaingia, unalipa. Halafu jamaa wa nyuma anashuka. Mwingine naye anashuka. Kumbe walipewa kitu kidogo wakae tu, ndiyo wewe uone gari linatoka sasa hivi. Umekaliwa.

Sokoni mchezo huo unaitwa spufing. Unaweka oda kubwa ya kununua au kuuza, na tangu mwanzo hutaki itimie. Unataka tu watu waone umati ambao haupo.

Mfano ni Michael Coscia, mfanyabiashara Mmarekani, mwaka wa 2011. Alimwagiza mtu amwandikie programu ya kompyuta, kisha akaingia nayo kwenye soko la mikataba la Chicago. Cheki mzunguko mmoja wake kwenye shaba. Alitaka kuuza mikataba 5 kwa dola 3.2755 kwa ratili, bei ya juu ya soko. Akaweka hiyo oda ndogo. Papo hapo programu ikaweka oda kubwa za kununua, kwanza kwa 3.2740, halafu 3.2745, halafu 3.2750. Wengine wakaona wanunuzi ni wengi, wakaogopa kuachwa, bei ikapanda, akauza mikataba yake. Zile oda kubwa zikafutwa. Kisha akageuza: oda ndogo ya kununua kwa 3.2750, na oda kubwa feki za kuuza ili bei ishuke. Akanunua.

Yote hayo yalichukua kama theluthi mbili za sekunde. Mkataba mmoja wa shaba ni ratili 25,000, kwa hivyo ile tofauti ya dola 0.0005 mara mikataba 5 ni dola 62.50. Inaonekana ni doo ya chai, si ndiyo? Sasa rudia makumi ya maelfu ya mara. Chini ya miezi mitatu alikuwa na dola milioni 1.4. Mwaka wa 2015 jopo la mahakama likamkuta na hatia, na 2016 akafungwa miaka mitatu.

Najua utauliza: kwani kufuta oda ni kosa? Hapana. Watu hufuta oda kila siku kwa sababu wamebadilisha mawazo. Kosa ni kuiweka ukiwa tayari umeamua kuifuta. Na hiyo nia huacha alama. Karibu theluthi moja ya oda ndogo za Coscia zilitimia. Zile kubwa, hata moja kati ya mia haikufika. Ukimwona mtu ambaye "anabadilisha mawazo" upande mmoja tu, tena kila mara, hayo si mawazo.

Upande wa pili wa wizi huu ni taarifa za ndani. Septemba 23, 2008, bodi ya benki ya Goldman Sachs iliambiwa kwa simu kwamba Warren Buffett anaweka dola bilioni 5. Mjumbe wa bodi, Rajat Gupta, alikata simu, na kabla dakika moja kuisha akampigia rafiki yake Raj Rajaratnam. Soko lilibaki na dakika chache lifungwe. Rajaratnam akanunua hisa. Aliyemuuzia hakujua lolote. Rajaratnam alipata miaka 11, Gupta miwili.

Coscia alionyesha uongo, hawa walificha ukweli. Lakini mwathiriwa ni yule yule: mtu wa upande wa pili wa biashara, anayeamini kwamba bei anayoiona ni ya haki. Ndiyo maana wasimamizi wa masoko hawacheki na hii kitu. Mtu akijua anaweza kuliwa hivyo, anajilinda. Anataka kununua kwa bei ya chini zaidi na kuuza kwa ya juu zaidi, au anatoka kabisa. Hilo pengo linalipwa na kila mtu, pamoja na wewe mwenye hisa mia kwenye simu. Hata Kenya, sheria ya masoko ya mitaji inakataza biashara ya taarifa za ndani.

Kwa hivyo msee wangu wa "ukilala unaliwa", nikuulize tu. Siku ile matatu iliachwa tupu na wewe ushalipa, ulisema makanga ni mjanja? Ama ulidai pesa yako?