Ajali kwa Wiki, Magari kwa Maelfu

Takriban kila makala ya toleo hili inahesabu ajali za barabarani wiki kwa wiki, inaziingiza kwenye regresheni ya Poisson, kisha inamkabidhi msomaji namba moja: 1.33, au 1.6, au 0.7. Namba hiyo huitwa uwiano wa viwango, na ndiyo inayonukuliwa na magazeti, kamati za usalama barabarani na wanaopanga bajeti. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo haijasema kitu cha kutegemewa mpaka tuambiwe ajali zimegawanywa kwa nini, na hesabu za wiki zimetawanyika kiasi gani. Mambo hayo mawili yanaweza kubadili hukumu nzima, na nitaonyesha jinsi gani kwa mfano mmoja.

Takwimu za mfano huu nimezitunga ili uweze kuzifuata kwa kalamu, lakini mazingira yake yanajulikana. Fikiria kipande cha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, chenye mteremko mkali kama ule wa Kitonga, kinachopitiwa na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo pamoja na mabasi ya mikoani. Tumekusanya hesabu za wiki 104. Wiki 70 zilikuwa kavu, na zilikuwa na ajali 210, yaani wastani wa ajali 3 kwa wiki. Wiki 34 zilikuwa za mvua, na zilikuwa na ajali 136, wastani wa 4 kwa wiki.

Regresheni ya kawaida ya mstari ulionyooka ingesema mvua inaongeza ajali moja kwa wiki. Kwa kipande hiki jibu hilo si baya. Tatizo linaanza ukilipeleka kwenye barabara yenye ajali moja katika wiki kumi, ambako kuongeza ajali moja kila wiki ni jambo lisiloaminika, au ukiweka doria ambayo mstari unadai inapunguza ajali mbili kwa wiki mahali ambapo hata moja haifiki. Hesabu ya ajali haishuki chini ya sifuri. Regresheni ya Poisson huepuka tatizo hilo kwa kufanya kazi kwenye logi asilia ya wastani unaotarajiwa, hivyo vitu ambavyo kwenye logi vinajumlishwa, kwenye ajali zenyewe vinazidishana.

Kwa takwimu zetu, kompyuta itatoa koefisienti ya mvua ya 0.288. Hapo ndipo wengi hukosea. Hiyo 0.288 si ajali 0.288 za ziada, na wala si asilimia 28.8. Ni tofauti kati ya logi ya 4 na logi ya 3. Ukiifanya kuwa kipeo cha e unapata 1.33, ambayo ni 4 kugawanywa kwa 3: kiwango cha wiki ya mvua ni mara 1.33 ya kile cha wiki kavu, yaani kimezidi kwa asilimia 33. Koefisienti ikiwa ndogo sana, tuseme 0.05, kuisoma kama asilimia 5 hakuleti madhara. Ikikua, pengo linakua nayo. Koefisienti ya 0.47 ni ongezeko la asilimia 60, si 47.

Kwa kuwa ni kuzidisha, sababu mbili zikikutana tunazizidisha pia. Kama mvua ina uwiano wa 1.6 na wiki za sikukuu za mwisho wa mwaka zina 1.5, basi wiki ya sikukuu yenye mvua inatarajiwa kuwa na mara 2.4 ya kiwango cha wiki kavu ya kawaida, ilimradi athari ya mvua haibadiliki wakati wa sikukuu. Uwiano ulio chini ya 1 nao una mtego wake. Jaribio la stika za matatu nchini Kenya, zilizowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo, lilifanywa na James Habyarimana na William Jack. Matokeo ya awamu kubwa, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha madai ya bima yakipungua kwa robo hadi theluthi. Tukiyaandika kama uwiano, ni takriban 0.75 hadi 0.67. Sasa chukua 0.75 uigeuze: magari yasiyo na stika yana 1 kugawanywa kwa 0.75, yaani mara 1.33 ya madai ya yale yenye stika. Upungufu wa robo ukitazamwa kutoka upande wa pili ni ongezeko la theluthi. Mwandishi asiposema ni kundi gani limewekwa kuwa msingi, msomaji atabahatisha.

Turudi kwenye mteremko wetu. Ile 1.33 inalinganisha wiki na wiki, kana kwamba barabara hubeba magari yale yale kila wiki. Haibebi. Tuseme kituo cha kuhesabu magari kinaonyesha wastani wa magari 42,000 kwa wiki kavu, na 35,000 kwa wiki za mvua, kwa sababu wenye safari zisizo za lazima huahirisha. Gawanya sasa: ajali 3 kwa magari 42,000 ni 7.1 kwa kila magari 100,000. Ajali 4 kwa magari 35,000 ni 11.4. Uwiano umepanda kutoka 1.33 hadi 1.60, na hakuna hata ajali moja iliyoongezwa.

Ndani ya regresheni, marekebisho hayo hufanywa kwa kuingiza logi ya idadi ya magari kama kijenzi ambacho koefisienti yake imefungwa kuwa 1. Kuifunga ni muhimu, maana ndiko kunakogeuza hesabu ya ajali kuwa kiwango cha ajali kwa gari. Katika R, magari yakiwa yamehesabiwa kwa maelfu, ni mistari mitatu:

```r
m <- glm(ajali ~ mvua + offset(log(magari)), family = poisson, data = wiki)
exp(cbind(coef(m), confint.default(m)))
sum(residuals(m, type = "pearson")^2) / df.residual(m)
```

Mstari wa pili unatoa uwiano na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95: 1.60, kati ya 1.29 na 1.99. Unatoa pia namba ambayo waandishi wengi huiruka, ile ya safu ya kwanza. Hapa ni 0.071, ambayo ni kiwango cha wiki kavu kwa kila magari elfu moja. Naomba isirukwe. Uwiano wa 1.6 kwenye barabara kuu yenye ajali 3 kwa wiki unamaanisha karibu ajali 2 zaidi kila wiki, kama magari hayapungui. Kwenye barabara ya wilayani yenye ajali moja kwa wiki kumi, uwiano huo huo ni ajali 0.06 zaidi kwa wiki. Mwenye fedha za taa, kingo za chuma au trafiki wa ziada hawezi kuamua azipeleke wapi kwa kutazama uwiano peke yake.

Wala sisemi kwamba 1.60 ndiyo sahihi na 1.33 ni kosa. Daktari wa zamu katika hospitali iliyo chini ya mteremko anahitaji 1.33, kwa sababu majeruhi wanamfikia kwa wiki, si kwa magari. Dereva anayejiuliza kama apande mlima leo au asubiri anahitaji 1.60. Namba hizo zinatatanisha pale zinapochapishwa bila kutaja kigawanyo, na ndipo tunapoona ripoti mbili za barabara moja zikionekana kupingana.

Mstari wa tatu wa ile programu ndio ninaoujali kuliko yote. Mtawanyo wa Poisson una sharti zito: varianzi, yaani wastani wa miraba ya tofauti kutoka kwenye wastani, iwe sawa na wastani wenyewe. Sharti hilo hutimizwa mara chache kwa uzuri kama katika takwimu za Ladislaus von Bortkiewicz, alizozichapisha mwaka 1898, za askari wa Prusia waliokufa kwa kupigwa teke na farasi. Katika kumbukumbu 200, vikosi 10 kwa miaka 20, walikufa 122. Wastani ni 0.61 na varianzi ni takriban hiyo hiyo. Vifo hivyo vilikuja kimoja kimoja, kisichohusiana na kingine.

Ajali za barabara kuu haziji hivyo. Lori likilala katikati ya kona, foleni inajipanga nyuma yake, na basi linalotoka juu kwa kasi linaikuta. Wiki ya operesheni, trafiki huandika hata michubuko ambayo wiki nyingine isingefika kituoni. Mvua zenyewe hazifanani: ya rasharasha inahesabiwa sawa na ile iliyoteremsha tope barabarani. Kila jambo la namna hii linatanua mtawanyiko kupita wastani. Mambo huwa mabaya zaidi mtafiti akihesabu majeruhi au vifo badala ya ajali, kwa sababu basi moja huleta watu thelathini kwa mkupuo, na hao si matukio thelathini yanayojitegemea. Kwa sababu hiyo makala za toleo hili zinahesabu ajali.

Namba ya mstari wa tatu inapaswa kukaribia 1. Tuseme kwa takwimu zetu imetoka 2.5. Uwiano wenyewe haubadiliki, unabaki 1.60, lakini kosa sanifu lake linapaswa kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2.5, yaani 1.58; kuandika `quasipoisson` mahali pa `poisson` hufanya kazi hiyo. Mipaka sasa inatanuka hadi 1.14 na 2.25. Bado tunaweza kusema mvua inaongeza hatari kwa kila gari, ila hatuwezi tena kujifanya tunajua kwamba ongezeko halipungui asilimia 29. Fanya vivyo hivyo kwa ule uwiano wa kwanza wa 1.33, kwa kadirio lile lile la 2.5. Kabla ya kurekebisha, mipaka yake ilikuwa 1.07 na 1.65, na mwandishi angetangaza kwamba ajali za wiki za mvua zimezidi. Baada ya kurekebisha ni 0.95 na 1.88. Namba 1 imeingia ndani, na tangazo limekosa mguu wa kusimamia.

Wengine watapendelea regresheni ya binomia hasi, ambayo huruhusu varianzi ikue haraka kuliko wastani. Sina ugomvi nao, na koefisienti zake husomwa kwa njia ile ile. Lakini hakuna kati ya hizo inayotibu mpangilio wa wiki. Wiki za mvua hufuatana kwa misimu, na mvua za Desemba huangukia kwenye msimu wa watu kurudi makwao. Asiyetenganisha sikukuu na mvua ataibebesha mvua lawama za abiria wa Desemba. Mabaki ya regresheni yakichorwa kwa mpangilio wa tarehe, kosa hilo huonekana kwa macho: nukta zinakaa juu ya sifuri kwa wiki kadhaa mfululizo, kisha chini yake kwa wiki nyingine nyingi, badala ya kuchanganyika.

Kuanzia toleo lijalo, makala yenye uwiano wa viwango itapokelewa ikiwa na kiwango cha msingi, jina la kigawanyo na mahali kilipopatikana, kadirio la mtawanyiko, na jedwali la hesabu za kila wiki kama zilivyoandikwa kituoni, zikiwemo wiki zenye sifuri.